Mrejesho: kizuizi cha taka mto Auji

Niliuliza: "Tumefunga kizuizi kinachoelea kwenye Auji, hapa Nyalenda, Kisumu. Mbona mvua ikinyesha chupa zinapita chini yake?"

Wakuu, asanteni sana. Kosa lilikua la kwetu: tulikivuta kikakata mto moja kwa moja. Yule aliyeniambia nipime mwendo wa maji kwa chungwa alinisaidia mno. Baada ya mvua, chungwa lilisafiri mita 10 kwa sekunde 14. Maji ya kasi hiyo yakigonga kizuizi uso kwa uso, huzamia chini yakiwa na taka zake.

Tumehamisha ncha moja mbele zaidi, kule mto unakoelekea, kizuizi kikalala kimshazari, kama nyuzi 30 na mkondo. Sasa taka huteleza kando yake hadi ukingoni, penye maji tulivu, na vijana wanazivuta kwa reki bila kuingia mtoni. Nimefurahi kwa hilo hasa, maana humo mna sindano na nepi.

Tunaopoa mara mbili kwa wiki, na kila baada ya mvua, kwa sababu rundo likijaa hugeuka ukuta na maji hulisukuma chini. Tunaacha taka zichuje maji usiku mmoja juu ya wavu, mbali na ukingo. Mkokoteni unakuwa mwepesi kabisa. Chupa ngumu tunauza, magugu maji tunatenga, yaliyobaki yanakwenda jaa la kaunti.

Mifuko iliyozama bado inapita.