Bwawa la mwatiko la mita 20 kwa 30, Pemba: tutie 300, 500 au 1,200?

Mwana_Micheweni
Asalaam alaykum. Sisi ni ndugu watatu, tuna bwawa nyuma ya mikoko huku Micheweni. Ukubwa wake ni mita 20 kwa 30, kina kama mita moja karibu na mlango na sentimita 70 upande wa juu. Maji ya bahari huingia siku za bamvua tu. Yakiwa mafu hayafiki kabisa.

Samaki tumeshakubaliana, ni mwatiko. Ugomvi uko kwenye idadi. Kaka mkubwa anataka vifaranga 300, bwawa litiwe mbolea, samaki wale utando unaoota chini, basi. Mdogo wangu anataka 1,200 na chakula cha vidonge tangu siku ya kwanza. Mie nimesimama kwenye 500, mbolea kwanza, kisha chakula cha kuchanganya wenyewe wakishakuwa wakubwa kidogo.

Bei tulizotajiwa: kifaranga shilingi 200, vidonge 3,200 kwa kilo mpaka vifike Pemba, mchanganyiko wa pumba na dagaa kama 1,400 kwa kilo. Samaki hapa kijijini huenda kwa 8,000 kilo. Nipeni mawazo kabla hatujapigana.

Kijana_wa_Fumba
Mdogo wako ndiye anayeona mbele. Mie nafuga perege kwenye tangi la saruji, natia watano kwa kila mita ya mraba na wanakua vizuri. Wawili kwa mita mbona wachache hao! Siri ni chakula: kidonge kizuri, mara tatu kwa siku, usipunje. Pumba na chicha za nazi zitawafanya wakae mwaka mzima bila kufika robo kilo.

Fundi_Mabwawa
Kijana wa Fumba, kuhusu chakula duni hukukosea. Lakini hebu sema, tangi lako lina pampu ya hewa?

Kijana_wa_Fumba
Ipo. Na maji nabadilisha nikitaka, bomba liko pale pale.

Fundi_Mabwawa
Hapo ndipo mnapoachana. Bwawa la Micheweni halina pampu, na maji mapya yanapatikana bahari ikiamua. Kwa bwawa la namna hii idadi ya samaki haipimwi kwa siku za bamvua, siku ambazo kila kitu kinakwenda sawa. Inapimwa kwa ile wiki ya maji mafu: jua kali, maji yamesimama, chumvi inapanda, na kila chakula kilichobaki kinaoza chini.

Wachukue hao 1,200. Tuseme wamefika 900 na kila mmoja ana gramu 300. Hiyo ni kilo 270 za samaki ndani ya maji yaliyosimama. Ukiwapa asilimia tatu ya uzito wao, unatupa kilo nane za vidonge kila siku. Usiku utando na samaki wote wanavuta hewa ile ile, na kabla ya jua kutoka ndipo inapokuwa chache zaidi. Utajua kwa macho: nenda alfajiri, ukiwakuta wamepanda juu wanaachama midomo na wakikusikia hawakimbii, hewa imeisha. Ikitokea, usiwape chakula siku hiyo, na kama kuna maji ya kuingiza, ingiza. Ikiwa bamvua iko siku tano mbele, huna la kufanya ila kuvuna unaowawahi.

Sasa pesa. Kwa mpango wa mdogo wako, kila kilo ya samaki itakula kama kilo mbili za vidonge. Kilo 270 zinataka kilo 540, yaani 1,728,000. Vifaranga 240,000. Mauzo kwa 8,000 ni 2,160,000. Kinachobaki ni 192,000, na hapo sijaweka mlinzi wala barafu.

Kwa mpango wa kaka mkubwa, 300 wakibaki 240 wa gramu 250, mna kilo 60, mauzo 480,000. Toa vifaranga 60,000 na mbolea ya kuku 20,000, inabaki 400,000. Samaki wachache, lakini faida ni mara mbili ya ile ya mwanzo.

Kwa mpango wako, 500 wakibaki 400 wa gramu 300, ni kilo 120, mauzo 960,000. Vifaranga 100,000, mbolea 20,000, na kilo 200 za mchanganyiko ni 280,000. Inabaki 560,000. Mie ningekwenda na huo, kwa sharti kwamba utando umeshika kweli kabla hamjatia samaki. Bwawa lenye maji maangavu mpaka unaona chini halina chakula, na hapo 500 watakuwa wengi.

Mkulima_wa_Mwani
Kwa nini msifuge kaa? Kaa wa mikoko bei yake mara mbili, na hoteli wanawatafuta wenyewe. Jongoo bahari pia.

Mwana_Micheweni
Ahsante, ila suala si samaki gani. Mwatiko tumeshaamua. Na kaa hapa tunao bila kuwafuga, wanatutoboa tuta kila siku.

Ami Fundi, huo utando tunauoteshaje? Na umehesabu hasara mmoja kwa watano, wanakwenda wapi hao?

Fundi_Mabwawa
Utando kwanza. Toeni maji yote, mwache tope likauke mpaka lianze kupasuka na mtu atembee bila kuzama kifundo. Msikaushe kupita hapo, kwa sababu udongo wa mikoko ukikauka sana na kisha ukanyeshewa, hutoa maji makali yenye rangi ya kutu na samaki hawayawezi. Mwageni mbolea ya kuku iliyokauka, kilo 120 zinatosha bwawa zima. Ingizeni maji kidogo tu, kimo cha kiganja, jua lifike chini. Kila bamvua ongezeni. Baada ya kama mwezi mtaona zulia la kijani na kahawia, vipande vikinyanyuka na kuelea mchana. Hapo tieni samaki.

Hasara: wengi hawafi mbele yako, ndiyo maana watu huwalaumu wezi. Kundi la kwanza hufa safarini na siku mbili za mwanzo. Mfuko ukifika, uacheni uelee bwawani kwanza, kisha mtie maji ya bwawa ndani yake kidogo kidogo, kwa sababu chumvi ya mfuko na ya bwawa si moja. Chukua 50 uwatie ndani ya kizimba kidogo cha chandarua humo humo bwawani. Baada ya siku mbili wahesabu. Wakiwa hai 45, basi na wale wengine umepoteza kama mmoja kwa kumi, na chakula chako kipige kwa hesabu hiyo, si kwa idadi uliyonunua.

Kundi la pili huliwa. Chewa na mzia huingia na maji wakiwa wadogo kama sindano, mlangoni hukuwaona, baada ya miezi mitatu wana ukubwa wa mkono. Wavu wa mlango uwe wa macho madogo, tena ziwe nyavu mbili, na zisafishwe kila bamvua maana zikiziba hupasuka.

Shehe_wa_Mto
Kwenye vile vidimbwi vinavyobaki mkitoa maji, tieni utupa. Hakibaki kitu.

Fundi_Mabwawa
Sheikh, na maji hayo yakitoka yanakwenda wapi? Kwenye kijito wanakozalia samaki wa watu wote. Utupa kuvulia ni kosa, usimpeleke kijana mbele ya kamati. Chokaa kidogo kwenye kidimbwi inatosha.

Bi_Kidawa
Nimesoma hesabu zenu zote, kila mmoja kauza kwa 8,000 kama vile wanunuzi wamepanga foleni. Kikundi chetu cha akina mama huku Kengeja tulivuna kilo kama mia mbili kwa siku moja, wakati wa kaskazi, bahari imetulia na madau yote yamerudi yamejaa. Saa nne asubuhi bei ilikuwa 8,000. Adhuhuri tulikuwa tunabembeleza 6,000, na wachuuzi wawili walichukua kwa mkopo, mmoja mpaka leo hajamaliza.

Mwanangu, rudia hesabu ya mdogo wako kwa 6,500. Kilo 270 ni 1,755,000, na gharama yake ni 1,968,000. Kafuga nusu mwaka na zaidi, kisha kalipa yeye.

Sisi sasa tunapanga mavuno yaangukie kusi, upepo ukiwa mkali na wavuvi wengi hawatoki. Tena hatuvui wote. Tunatupa jarife la macho makubwa, wadogo wanapita, tunatoa kilo 25 au 30 za wale wale tulioahidiana nao kwa simu siku mbili kabla. Mama wa maduka ya chakula wawili, mwalimu wa skuli anayegawa kwa wenzake, na mchuuzi mmoja anayelipa taslimu. Hoteli za Unguja tuliwajaribu. Walisema mwatiko ana miba mingi, na ni kweli, miba yake iko mpaka ndani ya nyama. Mpemba hajali, mgeni analalamika.

Kijana_wa_Fumba
Bi Kidawa, ukivua kidogo kidogo si unawasumbua wanaobaki? Perege wangu nikiingiza wavu hawali siku nzima.

Bi_Kidawa
Wanasumbuka, tena mwatiko ni mwoga, anaruka na magamba yanatoka. Lakini kupoteza siku ya kula si sawa na kupoteza elfu mbili kila kilo.

Fundi_Mabwawa
Kuna njia isiyotaka wavu wa kuburuta. Mwatiko hupenda kwenda kinyume na maji mapya. Punguzeni maji ya bwawa wakati wa kupwa, kisha bahari ikijaa fungueni mlango taratibu. Watakuja wenyewe kundi zima, wanajazana mbele ya mlango. Wekeni kizimba pale, fungeni nyuma yao, chagueni wakubwa, wengine warudi. Njia hii inataka bamvua nzuri, kwa hiyo ahadi za wanunuzi zifuate mwezi. Siku moja kabla msiwape chakula, tumbo likiwa tupu samaki hukaa zaidi bila kuharibika.

Ila kwa vipande vipande sikubaliani sana na Bi Kidawa. Kila wiki unayongoja unalipa mlinzi na unampa mwizi nafasi. Kwa kilo 120 ningevua mara mbili, nimalize, nikaushe bwawa.

Bi_Kidawa
Wewe una soko la Chake karibu. Micheweni siyo Chake.

Mwana_Micheweni
Nimemsomea mdogo wangu hesabu ya 6,500, kanyamaza kisha kasema tutie 700. Kaka mkubwa naye anauliza kama tunaweza kukusanya vifaranga wenyewe kwenye madimbwi ya ufukweni badala ya kuagiza kutoka kituo cha Beit-el-Ras.

Fundi_Mabwawa
Mnaweza, ila mtachanganya na vifaranga vya samaki walao wenzao. Watieni kwenye beseni jeupe, yazungusheni maji kwa mkono. Vya mwatiko ni vyangavu, macho meusi makubwa, na huogelea pamoja upande mmoja kupingana na mzunguko. Anayekaa peke yake au kujificha pembeni mtoeni. Kazi ya subira hiyo, na kupata 500 wa ukubwa mmoja ni tabu. Wasipolingana, mkifika kuvuna nusu watakuwa bado ukubwa wa kidole.

Kwa 700 jibu langu ni lile lile: nendeni alfajiri ya maji mafu mkaangalie bwawa lenyewe. Na muwe na mahali pa kupata pampu ya kuazima.

Bi_Kidawa
Na orodha ya wanunuzi iwe tayari kabla ya vifaranga kupanda boti.