Mrejesho: GPA ya 3.5 ilivyogeuka 3.15

Niliuliza: “GPA yangu ya chuo Tanzania ni 3.5 kati ya 5. Nikizidisha kwa 4 na kugawa kwa 5 napata 2.8. Mbona ripoti ya tathmini ya Marekani inasema 3.15?”

Wakuu, nimeelewa. GPA ya jumla hawakuigusa kabisa. Walibadili gredi ya kila somo, kisha wakakokotoa upya. B yangu ya Uhasibu, pointi 3 nyumbani, kwa hesabu yangu ingekuwa 2.4. Wao wameisoma kama B ya kwao, yaani 3.0. B+ imekuwa 3.3. Krediti zangu nusu ni B+, nusu B, ndiyo maana ikaja 3.15.

Asanteni sana mlionishauri niombe ripoti ya somo kwa somo. Ile ya cheti tu isingenionyesha haya.