Tupeane uzoefu: umejuaje kama posti zako haziwafikii wasiokufuata?

Asali_Nkuhungu: Wakuu, nauza asali ya nyuki wadogo, naitoa Manyoni na kuifungasha hapa Dodoma. Instagram wanaolaiki ni walewale. Kwenye Insights za rili mpya karibu wote ni Followers, wakati zamani Non-followers walizidi nusu. Aliyewahi kukutwa na haya alibadilisha nini?

KijanaWaChamwino: Rahisi. Chukua simu ya mtu asiyekufuata, atafute jina lako. Posti zikifunguka, hujafichwa.

Ubuyu_AreaC: Hapo umejua tu kwamba akaunti haiko Private. Anayekujua kwa jina atakupata, ila mgeni anayeperuzi rili ndiye usiyepelekwa kwake. Ingia Settings, kisha Account Status. Akaunti za biashara zinaonyeshwa humo kama zinaruhusiwa kupendekezwa, na posti yenye shida inatajwa. Ukikuta kuko safi, angalia kama rili zako umezitoa TikTok na nembo yake bado ipo, maana hizo nazo hazisukumwi sana.

MamaK_Majengo: Mimi status zangu za WhatsApp wanaziona watu kiduchu, nitumie njia hiyohiyo?

Ubuyu_AreaC: Hapana mama, hiyo ni nyingine. Mteja asiyehifadhi namba yako haoni status yako, hata kama wewe umehifadhi yake. Waombe wakusevu.

Asali_Nkuhungu: Nimeingia. Imetajwa rili ya asali na mdalasini, juu ya video imeandikwa "inakata kitambi wiki mbili tu".

Ubuyu_AreaC: Ndiyo hiyo. Kuiweka hujakatazwa na wafuasi wataiona, ila miongozo yao haipendekezi kwa wageni bidhaa inayouzwa kwa madai ya afya, hasa kupunguza uzito na tiba za ajabu. Mimi kwenye unga wa ubuyu niliandika "unashusha presha". Nikahariri: ubuyu umetoka Kondoa, umechekechwa mara mbili, nusu kilo, bei hii. Ikapita. Ila ya kwako maneno yako ndani ya video yenyewe, hayahaririki. Ifute, upakie upya bila hayo maneno. Kuomba wapitie upya kunafaa pale unapoona wamekosea, na hapa sioni.

KijanaWaChamwino: Sasa tuuze asali kama sukari? Watu wananunua kwa sababu ni dawa!

Ubuyu_AreaC: Onyesha mzinga, onyesha inavyochirizika. Hayo ya dawa watakuuliza wenyewe inbox.

Asali_Nkuhungu: Mrejesho: nimeifuta, Account Status imekaa sawa. Wageni wanarudi taratibu, bado si kama zamani.

KijanaWaChamwino: Labda zamani ilivuma rili moja tu ikakupandishia hesabu. Linganisha kadhaa.

Asali_Nkuhungu: Inawezekana, ile ya kurina usiku ilikwenda mbali. Na je, mteja akiandika kwenye komenti "imenitibu vidonda vya tumbo", nahesabiwa mimi?