Binti yangu kapigwa mkasi kwa jibu sahihi. Huo mwaka sifuri mwalimu kautoa wapi?

Baba_Watatu (Mwanga, Kigoma)

Wadau, nimekasirika na sifichi. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, na jioni anakwenda tuisheni ya historia ambayo naitolea hela kila mwezi. Juzi kaja na pepa iliyosahihishwa. Swali la saba linasema: Kaisari Augusto alizaliwa tarehe 23 Septemba mwaka 63 KK, akafariki tarehe 19 Agosti mwaka 14 BK. Je, alifariki akiwa na umri gani?

Mtoto kaandika miaka 75. Kapigwa mkasi wa peni nyekundu uliokatisha mpaka mstari wa chini, na pembeni kumeandikwa: "63 + 14 = 77. Soma swali!"

Soma swali! Kati ya hao wawili, ambaye hakulisoma ni nani?

Nikamfuata mwalimu mwenyewe. Kijana mstaarabu, kanipa kiti, kaniambia, "Mzee wangu, ukivuka kutoka KK kuja BK unajumlisha. Mwongozo wa kusahihisha ndivyo unavyosema." Nikamwambia sawa mwanangu, weka mwongozo pembeni tuhesabu kwa vidole.

Chukua mtoto aliyezaliwa Juni mwaka 1 KK. Juni inayofuata ni ya mwaka gani? Ni ya mwaka 1 BK, kwa sababu tarehe 31 Desemba mwaka 1 KK ilipokwisha, kulipokucha ilikuwa tarehe 1 Januari mwaka 1 BK. Hapo katikati hakuna mwaka wowote uliojipenyeza. Kwa hiyo mtoto ametimiza mwaka mmoja. Lakini kwa hesabu ya kujumlisha, 1 + 1, huyo mtoto ana miaka miwili. Huo wa pili kanyonya kwa nani?

Sasa mrudie Augusto. Kutoka Septemba 63 KK hadi Septemba 1 KK ni miaka 62. Kutoka Septemba 1 KK hadi Septemba 1 BK ni mwaka mmoja, kama yule mtoto. Kutoka Septemba 1 BK hadi Septemba 13 BK ni miaka 12. Jumla 75. Septemba ya mwaka 14 hakuiona, kafa Agosti. Basi ana miaka 75 na miezi karibu 11, wala si 77 hata ukimbembeleza nani.

Mwalimu kaitazama karatasi yangu muda mrefu. Halafu kasema darasa zima limefundishwa kujumlisha, na akibadilisha itabidi asahihishe upya pepa zote. Yaani kosa libaki kwa sababu ni la wengi! Wanajukwaa, hii ni haki?

---

Kamanda_Data

Mzee pole, ila mwalimu yuko sahihi. Mwaka sifuri UPO. Wanajimu wanautumia, na hata kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ISO 8601, ina mwaka 0000. Weka KK kama namba hasi. 14 - (-63) = 77. Hesabu za darasa la saba hizi.

---

Bi_Kale (Tabora)

Mwanangu Kamanda, umeshika nusu ya jambo, na nusu hiyo ndiyo inayokuangusha. Ni kweli wanajimu wanao mwaka sifuri. Lakini waliuweka wapi? Hawakuubandika katikati ya 1 KK na 1 BK. Waliuchukua mwaka 1 KK wenyewe wakauita 0. Kwa hiyo 2 KK kwao ni -1, na 63 KK ni -62, si -63. Sasa toa: 14 - (-62) = 76. Ile 77 yako imetokana na kuchanganya namba za wanahistoria na sifuri ya wanajimu katika mstari mmoja. Chagua kalenda moja ubaki nayo.

Na hiyo 76 bado si umri. Ni umbali kati ya namba ya mwaka mmoja na namba ya mwaka mwingine, kama vile mtu wa 1990 na mwaka 2020 tunavyosema 30 kabla hatujauliza mwezi aliozaliwa. Augusto alikufa kabla ya siku yake ya kuzaliwa, unapunguza mmoja, unapata 75 ya yule binti.

Nimefundisha historia hapa Tabora hadi nikastaafu, na kosa hili nimelikuta kwa walimu wengi kuliko wanafunzi. Baba Watatu, nakupa shahidi. Suetonio, Mrumi aliyeandika maisha ya makaisari, anasema Augusto alikufa zikiwa zimebaki siku 35 atimize miaka 76. Hesabu mwenyewe kuanzia 19 Agosti hadi 23 Septemba: siku 12 za kumalizia Agosti na 23 za Septemba, ni 35 juu ya alama. Na Suetonio hakujua KK wala BK. Hesabu ya kuanzia kuzaliwa kwa Kristo ilibuniwa na mtawa Dionisio mwaka 525, wakati Suetonio yuko kaburini miaka mingi. Hakuwa na mpaka wowote wa kuvuka, ndiyo maana hakukosea.

---

Mwana_Ujiji

Samahani naingilia. Marehemu bibi yangu alikuwa akihesabu kwa Hijria. Yeye alisema ana miaka 90, wajomba wanasema 87. Ndiyo hii shida ya mwaka sifuri? Kwa sababu kama ni hii, basi tuliandika uongo kwenye tangazo la msiba.

---

Bi_Kale (Tabora)

Mungu amrehemu bibi. Hapana mwanangu, hiyo ni nyingine kabisa. Mwaka wa Hijria unafuata mwezi mwandamo, ni mfupi kwa siku kama 11. Miaka 90 ya mwandamo ni miaka 87 na kidogo ya jua. Bibi alisema kweli, na wajomba walisema kweli. Tena Hijra ni mwaka 622 BK, mbali na huu mpaka tunaogombania.

---

Mwana_Ujiji

Ahsante sana bi mkubwa. Nitawaambia wajomba, maana mpaka leo hawaelewani.

---

Dereva_Uvinza

Ila jamani, si Yesu ndiye alizaliwa huo mwaka sifuri? Sasa kama haupo alizaliwa lini?

---

Bi_Kale (Tabora)

Dionisio hakuweka mwaka sifuri. Aliandika kwa namba za Kirumi, na hizo hazina sifuri. Halafu wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode mwaka 4 KK, na Injili ya Mathayo inasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Kwa hiyo huenda Dionisio alichelewa kwa miaka kadhaa. Ila hilo haligusi umri wa Augusto hata kidogo. Majina ya miaka yalishagawiwa, tunahesabu majina yalivyo.

---

Neema_F2

Shikamoo wakubwa. Kwa hiyo kanuni ni kutoa moja kila mara swali likiwa na KK? Nina mtihani Jumatatu.

---

Baba_Watatu (Mwanga, Kigoma)

Marahaba mwanangu. La, la, la, usiende hivyo! Unatoa moja ukivuka mpaka tu. Mfano: Kaisari Yulio aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK. Augusto wakati huo alikuwa na umri gani? Miaka yote miwili ni ya KK, hujavuka kitu. 63 - 44 = 19. Machi imekuja kabla ya Septemba, siku yake ya kuzaliwa bado, basi ana miaka 18. Huo mmoja uliopungua ni wa mwezi, si wa mpaka. Usivichanganye, ni vitu viwili. Kwenye swali la kifo chake vyote viwili vipo, ndiyo maana 77 imeshuka mara mbili hadi 75.

---

Chaki_Nyekundu

Mimi ni mwalimu, si huyo wa Kigoma, lakini naona mnamponda mwenzangu kirahisi. Maswali mengi tunayotunga hayana tarehe wala mwezi. Yanasema "alizaliwa 63 KK akafa 14 BK", basi. Hapo jibu ni 75 au 76? Hamuwezi kujua. Kitini tulichorithi kinasema jumlisha, mtoto apate namba moja, msahihishaji aende mbele. Mtoto wa kidato cha kwanza ukimwambia "inategemea mwezi" umempoteza.

---

Baba_Watatu (Mwanga, Kigoma)

Mwalimu, kama hamjui ni 75 au 76, mnaijuaje 77? Namba pekee ambayo haiwezekani ndiyo mmeichagua! Na hili swali lilikuwa na tarehe, mwezi na kila kitu. Mtunzi kaziweka za nini, urembo?

---

Bi_Kale (Tabora)

Chaki ana hoja kwenye maswali yasiyo na mwezi. Mimi nilikuwa nauliza "ni miaka mingapi kati ya mwaka huu na ule", siulizi umri. Hapo 63 + 14 - 1, yaani 76, na hakuna mtoto wa kubishana nami. Wenzangu wengine walikuwa wanapokea 75 na 76 zote kwa swali la umri. Hatukuwahi kukubaliana ofisini.

---

Kamanda_Data

Sawa bi mkubwa, hiyo ya -62 nimeipata. Mzee, hebu tupia na maswali mengine ya hiyo pepa, huenda kuna jingine.

---

Baba_Watatu (Mwanga, Kigoma)

Lipo. La nane: "Vita vya Marathoni vilipiganwa mwaka 490 KK. Miaka 2500 ilitimia mwaka gani?" Mtoto kaandika 2010, kapewa tiki.

---

Bi_Kale (Tabora)

490 + 2010 - 1 ni 2499. Ilitimia 2011. Usimlaumu sana binti, huko Athene kwenyewe mbio za kuadhimisha miaka 2500 zilikimbiwa mwaka 2010, na watu wakavaa medali.

---

Chaki_Nyekundu

Hahaha! Basi mzee, mwenzangu akikurudishia alama za la saba, achukue za la nane?

---

Baba_Watatu (Mwanga, Kigoma)

Achukue. Lakini achukue na za darasa zima, na aanze na mwongozo wake.