Mrejesho: ripoti ya mauzo ya Eastlands

Niliuliza: "Bosi kasema 'niandalie ripoti ya Eastlands' akakimbilia mkutano. Nimuulizeje bila kumchosha?"

Asanteni sana. Nilianza na data niliyokuwa nayo, kisha nikamtumia ujumbe mmoja: "Madam, naandaa mauzo ya Januari hadi Machi, duka kwa duka, ukurasa 1, Alhamisi asubuhi. Ni ya bajeti au ya kufuatilia madeni? Nisipokusikia kufikia saa nane, naendelea na bajeti."

Akajibu akiwa mkutanoni: "Madeni." Neno moja tu, na jedwali lote likageuka! Duka la Kayole lililoongoza kwa mauzo ndilo lililokuwa halijalipa. Kabla ya kujaza mengine nilimtumia picha ya safu moja tu, ya duka hilo la Kayole. Akaomba niongeze tarehe ya malipo ya mwisho.