Mrejesho: jedwali la mikataba ya ofisi

Swali langu lilikuwa: "Nina mikataba ya ofisi zetu za Nairobi. Nitoeje ongezeko la kodi, haki ya kuvunja mkataba na wajibu wa matengenezo niviweke kwenye jedwali moja la meneja wa majengo?"

Asanteni, jedwali limekamilika na linatumika. Kila ofisi ina mstari wake, na kila jibu lina namba ya kipengele kando yake ili meneja aweze kuhakiki mwenyewe.

Kwenye kodi, nimeandika kiasi cha kila kipindi badala ya asilimia peke yake. Kodi ya 200,000 kwa mwezi inayopanda asilimia 15 kila miaka miwili inakuwa 230,000 mwaka wa tatu, kisha 264,500 mwaka wa tano.

Kuvunja mkataba ndiko kulikohitaji uangalifu zaidi. Tarehe ya kuondoka haitoshi. Linalomsaidia meneja ni siku ya mwisho ya kupeleka notisi. Mkataba mmoja unaruhusu kuondoka 1 Julai 2027 kwa notisi isiyopungua miezi sita, na seli D2 ya jedwali ina tarehe hiyo:

```
=EDATE(D2,-6)-1
```

Inatoa 31 Desemba 2026. Ile siku moja ni tahadhari yangu. Safu inayofuata ina masharti, kwa mfano kutokuwa na deni la kodi, kwa sababu deni dogo tu laweza kuipotezea notisi nguvu.

Matengenezo nimeyanukuu neno kwa neno. "Ndani" ya mkataba mmoja inahusisha madirisha, ya mwingine haihusishi.