Tupeane uzoefu: magitaa ya roki ya gothiki na watu wake

Besi_Nzito: Wakuu, najua tuko wachache humu tunaosikiliza roki ya gothiki, ila tupo. Mimi niliingia kupitia The Sisters of Mercy wa Leeds, albamu yao ya 1985, First and Last and Always. Hakuna mpiga ngoma. Kuna mashine waliyoipa jina Doktor Avalanche, inapiga bila huruma. Besi ndiyo inayobeba wimbo, na juu yake gitaa la Wayne Hussey linatetemeka kama linapigwa chini ya maji. Wewe uliingiaje? Na wanaopiga, ile sauti mnaipataje?

Kijana_wa_Tanga: Hiyo korasi ya gitaa ilianza na Bauhaus mwaka 1979, kwenye Bela Lugosi's Dead. Wengine wote waliiga hapo.

Nyuzi12: Mwaka umepatia, na wimbo wenyewe wengi wanauhesabu ndio wa kwanza wa aina hii. Ila sikiliza tena zile dakika tisa na ushee: unachosikia pale ni mwangwi mwingi, mtindo wa dabu ya Jamaika, sio korasi. Ukitaka gitaa linaloyumba, nenda kwa John McGeoch ndani ya Siouxsie and the Banshees, albamu ya Juju, 1981. Naye alitumia zaidi flenja, ambayo ni ndugu wa korasi lakini kali zaidi.

Solo_wa_Dansi: Korasi kwetu wanaimba watatu, na mmoja lazima awe na sauti ya juu. Nyinyi mnatumia wangapi?

Besi_Nzito: Kaka, tunazungumzia ile ya gitaa, ya pedali.

Solo_wa_Dansi: Ahaa! Basi hiyo naijua. Ukumbini tulikuwa na Roland JC-120, solo inatoka safi na pana. Lakini tulipoenda kurekodi na ampu ileile, upana wote ulipotea. Fundi wa studio akasema ni vidole vyangu.

Nyuzi12: Vidole vyako havina kosa, mzee wangu. Pedali ya korasi inagawa sauti ya gitaa: moja inapita kama ilivyo, nyingine inacheleweshwa milisekunde chache, na ule ucheleweshaji unaongezeka na kupungua polepole. Nakala ya pili inapanda na kushuka kidogo kwa noti, ndiyo maana sikio linasikia magitaa mawili yasiyolingana sawasawa. Sasa JC-120 ina spika mbili za inchi 12. Ukiwasha korasi, spika moja inatoa sauti kavu na nyingine inatoa ile inayoyumba. Korasi yenyewe inazaliwa hewani, zinapokutana. Fundi akiweka maikrofoni moja mbele ya spika moja, anapata nusu tu. Piga noti moja ndefu uiache: ikisimama wima, maikrofoni iko upande mkavu, ikiyumba kama redio yenye betri zinazoisha, iko upande wa pili. Mwambie aweke maikrofoni mbili, moja aipeleke kushoto na nyingine kulia.

Solo_wa_Dansi: Ilikuwa wima kabisa. Miaka yote hii nimebeba lawama!

Mama_Leipzig: Mimi sipigi chombo, nasimulia upande wa watu. Naishi Leipzig, na kila Pentekoste linakuja tamasha la Wave-Gotik-Treffen, lililoanza 1992. Watu kama elfu ishirini, tramu zimejaa nguo nyeusi, na bibi kizee wa Kijerumani anamsaidia kijana mwenye pembe kushusha toroli la mtoto. Nilipofika mara ya kwanza na baibui langu la nyumbani, dada mmoja alinisifia kitambaa na tukaongea ushonaji mpaka muziki ukaanza. Wenyeji walinisimulia ya mwaka 2000: waandaaji waliishiwa pesa katikati ya tamasha, walinzi wakaondoka. Mashabiki hawakufanya fujo. Wakajitolea kusaidia, na baadhi ya bendi zikapiga bila malipo.

Besi_Nzito: Uaminifu huo naujua. Sisters hawajatoa albamu mpya ya studio tangu 1990, na bado watu wanakata tiketi.

Kijana_wa_Tanga: Lakini Andrew Eldritch, mwimbaji wao, mwenyewe anakataa kuitwa mgothiki. Kwa nini tuwahesabu?

Besi_Nzito: Akatae. Nyimbo zinasikika.

Kijana_wa_Tanga: Sikubali, ila tuendelee. Nyuzi12, pedali ya kuvuruga sauti inakaa kabla ya korasi au baada?

Nyuzi12: Mimi naweka kabla, ili korasi ipokee sauti iliyokwisha kuvurugika, yale mawimbi yanabaki wazi. Ukigeuza, mawimbi yanasagwa na sauti inakuwa na matope. Wapo wanaoyataka matope hayo, na siwalaumu. Kwenye pedali ya korasi ya BOSS CE-2, RATE, yaani kasi ya kuyumba, naiweka chini na DEPTH, yaani kina chake, inapita nusu kidogo, kisha nadonoa nyuzi za juu moja moja, naiachia besi nafasi yake.

Mama_Leipzig: Rekodi utuwekee, tusikie zote mbili.